Madaftari ya Fundi kwa Lugha Moja

Wifi yangu hakai. Hata kabla hajafiwa alikuwa hivyo: anakumiminia chai, hujameza hata mara mbili, kikombe anakitaka akaoshe. Baada ya kumzika kaka yangu hali ikazidi. Alikuja dukani kwangu asubuhi, akasimama mlangoni, akaingia, akapanga upya karatasi nilizokwisha kuzipanga, akatoka, akarudi. Majirani walinong'ona kwamba kichwa chake hakiko sawa. Mimi nilimwomba Mungu anipe subira, na kila nikimaliza kusali namkuta ameshahamisha stepla.

Kaka alikuwa fundi umeme. Umeme ndio uliomuua, kazini, kwenye duka la kuoka mikate. Alizima swichi kuu, akapanda ngazi, akashika waya. Jengo lile lilikuwa na jenereta inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, nayo ilikuwa imeunganishwa baada ya swichi ile, upande wa vyumba, hivyo alipozima yeye ikajiwasha na waya zikabaki na umeme. Hakupima. Jambo hilo halikuwa siri. Tuliambiwa wote siku ile ile. Mungu ampumzishe.

Duka langu ni la kuchapa na kutoa kopi. Chumba cha nyuma, penye meza mbili ndefu na ubao, ndipo kaka alipokuwa akifundisha jioni watu wanaojiandaa na mtihani wa ufundi. Alipofariki wanafunzi walitawanyika, akabaki mmoja tu, kijana mrefu mwembamba tunayemwita Msumari, ambaye alikuwa akienda na kaka kwenye kazi. Nilifikiri nitakigeuza chumba kiwe stoo. Ndipo wifi akaniambia, huku anafuta ubao uliokwisha kufutwa:

"Nataka kufanya mtihani."

"Mtihani gani, wifi?"

"Wa fundi. Nimemshikia ngazi mume wangu miaka yote, sasa nataka kupanda."

"Mume wako ni kaka yangu. Machozi hayajakauka."

"Yatakauka nikiwa nasoma."

Wateja wa kaka walikuwa bado wanapiga simu, na bila cheti wifi asingeweza kuipokea hata kazi moja kwa jina lake. Angeendelea kushika ngazi za watu wengine, kama angepata wa kumpa ngazi ashike. Cheti ndicho kingeamua kama atabaki na kazi ile au ataiangalia ikienda.

Cha kusomea kilikuwa madaftari ya kaka. Hayo ndiyo aliyokuwa akifundishia, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, lakini lugha ilikuwa mseto. Alianza sentensi kwa Kiingereza akaimalizia kwa Kiswahili, au kinyume chake. "Ukiongeza resistance, current inashuka." Ukurasa uliofuata: "Wire ikiwa nyembamba umeme haupiti vizuri, ina-heat." Darasani hakuna aliyelalamika, kwa kuwa ndivyo mafundi wanavyoongea. Tatizo lilikuwa kwenye karatasi ya maelekezo ya mtihani: mtahiniwa achague lugha moja, ajibu kwa hiyo mwanzo hadi mwisho, jibu lililochanganywa halipewi alama. Wifi alichagua Kiswahili. Msumari naye, akasema Kiingereza chake kinaishia kwenye maboksi ya redio.

Nikajitolea kuchapa. Kusema kweli niliitaka kazi ile kwa ajili yangu mwenyewe. Nilitaka kushinda na mwandiko wake. Nilichapa yote kama yalivyo, kisha nikatumia njia ninayotumia kwenye barua za watu wanaobadilisha jina la kampuni: unaiambia kompyuta itafute neno fulani kila mahali na iweke lingine. Nikaamuru kila "live" iwe "moto", maana kaka alikuwa akiita hivyo, waya wa moto. Kila "current" iwe "umeme". Kila "voltage" iwe "umeme". Kila "power" pia. Kila "earth" iwe "dunia". Nikachapisha, nikambebea wifi kama keki.

Alisoma amesimama. Nikaona midomo inamcheza.

"Wifi, hii 'demotor' ni mashine gani?"

Tukatafuta kwenye daftari. Kaka aliandika "deliver", na kompyuta ilikuwa imeikuta "live" katikati ya neno, ikaweka moto humo humo.

"Na hapa," Msumari akasoma akiwa amejishika mbavu, "'hakikisha kifaa kimefungwa kwenye dunia.' Dada, kifaa kingefungwa wapi kwingine, mwezini?"

Wifi alicheka mpaka akakaa. Halafu akaacha ghafla, kidole kikiwa juu ya karatasi.

"Soma hii. 'Umeme ni umeme ukizidishwa kwa umeme.'"

"Si kweli?" nikauliza.

"Nguvu ni volteji mara mkondo. Hapa umeyaita yote jina moja. Nikiandika hivi wananipa sifuri na kunionea huruma."

"Umeme ni umeme," akasema Msumari. "Ukikugusa haukuulizi umeuitaje."

"Wewe msahihishaji atakuuliza."

Kwa hiyo tulianza upya, na safari hii wifi ndiye aliyeongoza. Alichora jedwali ubaoni. Upande mmoja kila neno la Kiingereza lililotokea kwenye madaftari, katikati majina yote ambayo kaka alikuwa akiyatumia kwa kitu hicho, na upande wa mwisho jina moja tutakalolitumia kuanzia hapo hadi mwisho. Jina hilo hatukulitunga. Tulilitoa kwenye mitihani iliyopita, kwa sababu ndilo litakalokuwa kwenye swali. Mkondo. Volteji. Ukinzani. Nguvu. Waya wa ardhi. Alama kama V, I na R tuliziacha zilivyo, kwa kuwa hazina lugha. Neno ambalo hatukulipata popote lilizungushiwa duara, na wifi alikwenda nalo chuo cha ufundi kumuuliza mwalimu, wala hakukubali tukisie. Baada ya hapo nilichapa sentensi moja moja, nzima nzima. Kompyuta sikuiamuru tena.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye usalama.

Kaka alikuwa na desturi ambayo sikuwa nimeiona mpaka nilipolazimika kuandika kila mstari kwa lugha moja. Ya kitabu aliyanakili kwa Kiingereza. Yaliyotoka mkononi mwake, aliyoyazoea kazini, aliyaandika kwa Kiswahili. Yalikaa ukurasa mmoja kama majirani wasiosalimiana. Juu, kwa Kiingereza, zilikuwa hatua zote: tambua saketi, zima, funga kwa kufuli na weka kibao cha onyo, jaribu kipimo chako mahali unapojua pana umeme, pima waya zote, kisha jaribu kipimo tena uone hakijafa. Chini, kwa Kiswahili, kwa wino uliokolezwa: "Kazi ndogo, zima main switch, anza kazi. Usichelewe kwa mteja."

Nilipoyatia yote kwenye Kiswahili, ukurasa ukaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe.

"Mstari huo toa," akasema wifi.

"Sitoi."

"Wifi."

"Nimekubadilishia maneno yote uliyotaka. 'Moto' wake nimeutoa, 'earth' yake nimeitoa. Huu ni mstari wake mwenyewe, hakuunakili popote. Ukitoa na huu atabaki nani humu?"

"Humu nataka abaki mtihani."

"Wewe umekaa naye miaka. Mimi nilizaliwa naye."

Alinitazama, akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Nilimwona kupitia dirishani anazunguka meza ya muuza vocha kama mtu aliyepoteza funguo. Nilisali pale pale mbele ya kompyuta, na sala yangu ilikuwa ya mabishano. Nilimwambia Mungu kwamba amenichukulia ndugu, basi asinichukulie na sentensi yake. Nikauacha mstari. Nikachapisha nakala mbili, nikaziacha mezani.

Wiki iliyofuata wifi aliendesha maswali ya mazoezi. Yeye anauliza amesimama, Msumari anajibu amekaa, mimi nakunja karatasi za mteja pembeni. Swali likaja: taja hatua za kuhakikisha saketi haina umeme kabla ya kuanza kazi.

Msumari hakufikiri hata kidogo. "Zima swichi kuu, anza kazi."

"Na nyingine?"

"Nyingine si za kazi kubwa? Hii imeandikwa kazi ndogo. Na mtihani unataka jibu fupi." Akatabasamu, akageukia kwangu. "Hii ndiyo ya fundi mwenyewe, dada. Hii siwezi kuisahau."

Wifi aliweka chaki chini na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimwona ametulia tuli, mikono imelala, na utulivu ule ulinitisha kuliko kuzunguka kwake kote. Nilimwangalia Msumari. Alikuwa na bisibisi mfukoni mwa shati. Kesho yake alikuwa na kazi ya kufunga taa kwenye saluni.

Wakati ule mstari ulipokuwa katikati ya mseto, nadhani kila mtu aliusikia kama masihara ya fundi. Mimi ndiye niliyeupanga sawasawa, kwa maandishi safi, kwa lugha anayoielewa, chini ya hatua zingine kana kwamba nao ni hatua. Kaka yangu alikuwa anakaribia kumpeleka mtu alikokwenda, na mimi ndiye niliyekuwa nimemchapia.

Nikaenda kwenye kompyuta. Nikaufuta. Kwa haraka nikakosea kitufe, ukafutika ukurasa mzima, ikabidi niurudishe na kuanza tena. Nikachapisha nakala mpya, nikachukua zile za zamani mikononi mwao, nikazipitisha kwenye mashine ya kukatakata karatasi. Wifi hakunishukuru. Alimgeukia Msumari.

"Taja hatua. Zote. Na kesho saluni nakuja nikuone ukipima."

"Sasa shemeji, mteja atasemaje nikija na mwalimu?"

"Atasema fundi wake yuko hai."

Siku ya mtihani niliwasindikiza chuoni, nikabaki nje ukutani na watu wengine waliokuja kusubiri. Sikuweza kukaa. Wifi alitoka kabla ya Msumari.

"Waliuliza?" nikamuuliza.

"Waliuliza."

Akanitajia alivyojibu, kuanzia kuitambua saketi mpaka kukijaribu kipimo mara ya pili, bila neno moja la Kiingereza. Nilimwombea kaka yangu pale pale, na kwa mara ya kwanza sikumuuliza Mungu kwa nini.

Cheti kilitoka. Alama hazikuwa za kujisifia, lakini zilitosha, na jina lililoandikwa juu ni lake. Sasa ana wateja, na Msumari, aliyefaulu kwa alama mbili zaidi na asiyetuacha tulisahau hilo, anakwenda naye. Mimi ndiye nisiyekaa. Akiwa kazini na simu isipopokelewa, naacha kopi za watu kwenye mashine, natoka mpaka mlangoni, narudi, napiga tena.

"Wifi, ulikuwa wapi?"

"Ngoja bwana," ananijibu, kama mtu aliyekatizwa. "Nilikuwa napima."