Sima ya Mbwa wa Mgema

"Mama Simeon, ni mama gani huyu anayempikia sima mbwa aliyemtafuna mwanawe?"

Aliyeniuliza ni Nyevu, jirani yangu hapa Gede, tukichagua mahindi ya manjano, yale ya msaada ya mwaka wa njaa, themanini na nne. Sima siku hizo tulikuwa tukiigawa kwa mwiko mdogo. Na kila mtu alikuwa amemwona Mwikali akipita na bakuli la bati kwenda kwa Kahindi.

Mwikali alikuwa Mkamba, mke wa Kioko mchonga vinyago. Alikuwa akiuza pojo na kunde pale stendi. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwomba akupunguzie bei anakutazama tu, mpaka unaona haya unalipa.

Kahindi alikuwa mgema wa minazi, na mbwa wake alimwita Waseme, ili sisi majirani tujue kwamba hajali maneno yetu. Easter, kitinda mimba wa Mwikali, alikuwa akimjua mbwa huyo tangu akiwa kitoto cha mbwa. Siku aliyoumwa, Easter alipita na ndoo yake, hakumchokoza, hakumrushia kitu. Waseme akatoka kimya bila kubweka, akamuuma shavu la mguu, akaenda zake.

Nilipofika nilimkuta Kahonzi, mamake Kahindi, ameshanyoa manyoya ya mbwa, anatafuta kaa la moto ayachome, majivu yapakwe kidondani. Simcheki. Nami nilipakwa hivyo nilipokuwa mdogo kule Rabai.

"Mama, manyoya yaweke," Mwikali akamwambia. "Nipe sabuni."

Akamkalisha mtoto kwenye jiwe la kufulia, akamimina maji na sabuni, akamimina tena, mtoto analia, yeye anamimina. Nikamwambia, mwanangu, pametakata. Akasema bado. Mtungi mzima uliisha, na maji mwaka ule unajua tulivyoyatafuta.

Kioko akaja na tezo lake la kuchongea, anauliza mbwa yuko wapi. Kahindi alikuwa amekwisha kumfungia peke yake katika zizi la mbuzi, lililokuwa tupu kwa njaa. Mwikali hakubishana. Alimbeba mtoto mgongoni, tukapanda gari la kwenda Malindi, mimi na yeye.

Muuguzi wa pale aliitwa Adhiambo. Swali lake la kwanza halikuwa la mtoto.

"Mbwa yuko hai?"

"Tulimwacha hai," Mwikali akasema.

"Basi abaki hai. Afungwe peke yake, alishwe kwa mbali, mtu asimguse. Mumtazame siku kumi. Mbwa aliyekuwa na ugonjwa wa kichaa katika mate yake siku ile aliyouma, hazimalizi siku hizo akiwa mzima. Akizimaliza salama, sindano tunaacha. Akibadilika, akifa au akipotea, mtoto anamaliza zote. Na leo tunaanza, hatungojei mbwa. Huu ugonjwa ukishaonekana kwa mtu, dawa hatuna."

Akaosha kidonda tena. Hakukishona, alisema cha mbwa huachwa wazi. Akadunga dawa kuzunguka kidonda, akadunga ya pepopunda, kisha ile ya kwanza ya kichaa. Akatuagiza tumpashe habari bwana mifugo.

Tuliporudi, Kioko na vijana wawili walikuwa mlangoni pa zizi. Mwikali akanipa mtoto, akaenda akasimama kati ya mumewe na mlango.

"Ukimpasua kichwa leo, utalala umeshiba hasira," akamwambia. "Mimi nitalala sijui mwanangu ana nini."

Kioko akaenda kukaa mbali, akalichonga gongo la mti lisilokuwa na kazi mpaka likaisha.

Tangu hapo ndipo bakuli la bati likaanza kupita. Kahindi alikuwa juu ya minazi asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa hiyo Mwikali alisema atamtazama mwenyewe. Alilisukuma bakuli kwa fito kupitia mwanya wa zizi, akachutama kumwangalia anavyokula, anavyokunywa, anavyotembea. Wanawake walicheka, wakisema sasa Waseme amepata mama. Jumapili alikuja kanisani ibada imefika nusu, na akina mama wakajivuta upande wa pili wasikae naye. Mimi nilimpisha akae. Tuliimba naye.

Siku ya sindano ya pili mbwa alikuwa akila vizuri, anatikisa mkia.

"Umemwona," Kioko akasema. "Huyo ni mzima kuliko mimi. Mtoto amevimba mkono, mwache apumzike."

"Hajamaliza siku zake."

"Wewe unamwamini muuguzi kuliko macho yako?"

"Macho yangu yanaona mkia, Baba Easter. Hayaoni mate."

Akamfunga mtoto leso, wakaenda.

Kesho yake asubuhi Waseme hakugusa sima. Mwikali alikuja kuniita. Tulimkuta mbwa amesimama kwenye pembe, taya limelegea limening'inia, udenda unachuruzika, na sauti inayomtoka si yake, imekauka. Kahindi alikuwa ameshuka mnazini, kibuyu bado kiunoni, anafungua kamba ya mlango.

"Mfupa," akasema. "Amekwamwa na mfupa. Nampanua mdomo, nautoa mara moja."

"Kahindi, funga."

"Mama Easter, huyu ni mbwa wangu. Atakufa kwa kukwama."

"Tangu siku ile anakula sima yangu tu. Mfupa umetoka wapi?"

Kila nyumba ilikuwa haijaona nyama tangu mavuno yapotee.

"Mkono huo ndio unaokulisha wewe na mamako," Mwikali akasema, taratibu kabisa. "Usiutie mle."

Kahindi akaifunga kamba. Mimi nilikumbuka kumshukuru Mungu baadaye tu, nyumbani.

Bwana mifugo, mtu mmoja aitwaye Kenga, alikuja kabla ya adhuhuri. Aliangalia kwa mbali, akatikisa kichwa. Alimmaliza yeye mwenyewe bila kukigusa kichwa, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa. Akavaa glavu nene, akakikata, akakitia mkebeni, mkebe ukatiwa katika barafu ya wauza samaki, ukapelekwa maabara. Mwili aliuchoma, na mbwa wote wa mtaa akawadunga chanjo.

Tulikwenda Malindi na Kahindi, Adhiambo akauliza ni nani mwingine aliyeguswa na mate. Kahindi akaonyesha viganja, vimechunwa na minazi, na mbwa alikuwa akivilamba kila jioni kabla ya kufungiwa. Naye akaandikiwa sindano. Mtu huyu alikuwa akipanda mnazi wakati wa upepo, lakini alipoiona sindano alikaa chini sakafuni. Easter akamwambia, "Baba Kahindi, fumba macho, mimi hufumba." Wakawa wanakwenda pamoja.

Majibu yalirudi kwamba ni kichaa. Kioko alipoambiwa, alichukua ile leso akamfunga mtoto mwenyewe, na sindano zilizobaki alimpeleka yeye, hakukosa hata moja. Easter sasa yuko darasa la sita, ana kovu, anakimbia.

Nyevu sikumjibu siku ile ya mahindi. Habari ilipofika, alikwenda mwenyewe kwa Mwikali na kisahani cha unga, akakiweka mlangoni, akarudi zake.

Baada ya mvua, minazi ikirudi kutoa tembo la kugema, Kahindi alipita kwa Mwikali akicheka kidogo. Alisema ameona kitoto cha mbwa kizuri kule Watamu, na jina ameshapata, la kutukomoa sote. Mwikali alikuwa akipima pojo. Hakuinua kichwa.

"Kahindi, nakuomba," akasema. "Kabla hujampa jina, mpeleke akachanjwe."