Yule Ndege wa Kifua cha Machungwa

Nyumba ninayokaa sasa iko Hurlingham, hapa Nairobi, ghorofa ya tatu, na si yangu. Ni ya binti yangu. Yeye ni nesi, yuko Marekani, na alisema nyumba isikae tupu na mimi nisikae peke yangu kule nilikokuwa. Ya nyumba kukaa tupu alitatua. Ya pili bado.

Maisha yangu yote niliuza makufuli na bawaba River Road. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kusoma nasoma, na kuandika mnaona wenyewe. River Road ndege ni kunguru na mwewe basi, na mwewe unamwona tu akishakunyang'anya chapati. Kwa hiyo mtu asinicheke nikisema nimezeeka Nairobi hii bila kujua ndege. Nilikuwa natazama chini, kwa wateja.

Mama yake binti yangu alipofariki, binti alikuwa anapiga simu kila jioni. Baadaye ikawa Jumapili. Baadaye Jumapili yenyewe ikawa fupi. Umekula, Baba? Dawa umemeza? Haya, tutaongea. Simlaumu, kazi ya wagonjwa naijua kwa kuwa mgonjwa. Lakini simu ikikatika, nyumba hii ina namna yake ya kunyamaza, na friji ndiyo inabaki kusema.

Sasa, mwaka wake wa kwanza huko, binti aliniambia kuna ndege mwenye kifua chekundu anakuja kwenye nyasi chini ya dirisha lake, anavuta minyoo. Alisema akimwona anasikia kama si mgeni sana. Hilo sikulisahau. Basi asubuhi moja nimesimama barazani na chai yangu, mvua imenyesha usiku, naona kwenye nyasi za ploti ndege wa kifua cha machungwa. Anakimbia kidogo, anasimama, anainamisha kichwa, halafu anavuta mnyoo kama fundi anavuta waya ukutani. Nikasema, ni yeye.

Nikashuka na simu, nikampiga picha. Kwenye simu kuna ile akili bandia ambayo binti aliniwekea, unaitumia picha, unaiuliza, inakujibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Nikaandika: huyu ndiye yule ndege wa Marekani wa kifua chekundu, ambaye binti yangu anamwona huko? Ikanijibu ndiyo, ndiye. Ikataja jina lake la Kizungu, ikaeleza anavyopenda minyoo na nyasi zilizonyeshewa. Kila neno lilifanana na nilichoona.

Nikamtumia binti picha, nikamwambia ndege wako amenitembelea. Na haikuwa Jumapili, lakini alipiga. Akauliza anakimbiaje, anakuja saa gani, anaogopa paka? Tukaongea mpaka sikio likapata moto. Tangu siku hiyo nikawa natuma picha, na yeye anapiga. Nilianza kunyoa ndevu mapema, kana kwamba ndege atanikagua.

Aliyeharibu ni jirani yangu wa chini, mwalimu mstaafu, mama Mkamba asiyependa upuuzi. Jumamosi hutoka na darubini shingoni, na wenzake, kwenda kutazama ndege. Tulikutana kwenye ngazi nikamwonyesha picha, kwa maringo kidogo.

"Huyu ametoka Marekani," nikamwambia.

"Kwa visa ya nani?" akasema. Akakuza picha kwa vidole viwili. "Mzee, huyu ni wa hapa hapa. Amezaliwa kwenye hiyo miti."

"Simu imesema."

"Uliiuliza vipi? Hebu nione."

Akasoma swali langu, akatikisa kichwa. "Jibu ulilipeleka wewe. Yenyewe imekurudishia."

Hapo nilielewa haraka kuliko alivyodhani, kwa sababu ya biashara. Mteja akija River Road ameshika kufuli, akiuliza, hii ni orijino, sivyo? Utamwambia nini? Ni orijino. Lakini akiuliza, hii imetengenezwa wapi, hapo itabidi uigeuze utazame. Mimi niliingia kwenye ile simu kama mteja wa kwanza.

Mwalimu akaanzisha mazungumzo mapya, akaweka picha ile ile, akaandika tu: niko Nairobi, huyu ni ndege gani? Ikatoa jina lingine, la ndege wa misitu na bustani za huku kwetu, na ikasema kwa sauti ile ile ya uhakika. Hilo ndilo lililonishtua. Lile la uongo na hili la kweli yalivaa suti moja. Akajaribu picha nyingine niliyompiga akiwa amenipa mgongo, bila kusema tuko wapi. Ikaja na jina la tatu. Alipoibana, umejuaje, ndipo ikakiri kwamba mgongo peke yake hautoshi.

"Mwewe na kunguru itakupatia vizuri," mwalimu akasema. "Hata ndege wengine wengi, picha ikiwa safi na ukisema uko wapi. Hawa wanaofanana, na makinda, inabahatisha. Tazama mwenyewe. Huyu mdomo wote ni wa machungwa, na jicho limezungukwa na rangi hiyo hiyo. Yule wa Marekani jicho lake lina weupe, kama mtu amelichora kwa chaki, halafu chaki ikakatika."

Nikapanda ngazi. Nilijua nimepoteza nini, na si ndege. Ndege alikuwa bado pale kwenye nyasi, hana habari. Nilichokuwa nacho ni sababu ya mtoto wangu kupiga simu, na sasa sababu yenyewe haikuwa kweli. Ningeweza kunyamaza. Mwalimu hana namba yake. Nilizunguka na wazo hilo siku nzima, nikapika ugali ukaungua, nikala hivyo hivyo.

Alipopiga nikamwambia kabla hajauliza kama nimekula. Nikamwambia yule ndege si wako. Ni wa hapa, hajawahi kutoka.

 Akasema, "Najua, Baba."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu picha ya kwanza. Jicho lake halina weupe."

"Na mbona hukusema?"

"Ungeacha kutuma."

 Nikasikia huko kwake gari likipita, na mtu akifunga mlango mahali.

"Wa kwako anaendeleaje?" nikauliza, ili tu tusikatize.

"Sijui. Nilihama ile nyumba, sikukwambia. Dirisha la sasa linaangalia ukuta. Ukiinama sana unaona gari za jirani." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Huyo wako ndiye ndege pekee ninayemwona siku hizi."

Kumbe wakati mimi naringa na ndege wake, yeye alikuwa hana hata mmoja. Tuliongea kidogo tu baada ya hapo. Aliitwa kazini.

Asubuhi yake nilishuka kwenye nyasi. Nilimsubiri sana, hata mlinzi akaniletea kiti. Alipokuja nikangoja ageuke, jicho lionekane vizuri, ndipo nikampiga picha. Simu sikuiuliza kitu. Nikamtumia binti picha peke yake, bila neno. Ikaonyesha tiki moja, maana huko kwao ni usiku na simu yake ameizima. Nikakaa pale kwenye kiti cha mlinzi, ndege akiendelea na minyoo yake, nikingoja Marekani kupambazuke.