Kijitabu cha Mtama na Ile Kesho Asubuhi

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumanne, saa tisa alasiri. Ulitoka kwa mwenzangu wa kitengo cha mazao, kijana mtaratibu mwenye ofisi ya tatu kutoka kwangu kwenye korido hiyohiyo. Aliambatisha kijitabu cha wakulima kuhusu kuhifadhi mtama, kurasa hamsini na nane, akaandika chini yake: "Dada, naomba unisaidie kuipitia hii. Ni kupitia tu. Naihitaji kesho saa nne asubuhi."

Mimi ni mhariri wa lugha, na neno "tu" nimeliogopa tangu nilipoajiriwa. Nilifungua kijitabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi moja iliyoanzia juu na kumalizikia chini, bila nukta hata moja njiani. Nikapiga hesabu. Kwa maandishi ya namna ile huwa napitia kurasa sita kwa saa, nikiwa sisumbuliwi. Hiyo ni saa kumi za kazi, na mezani nilikuwa na hotuba ya mkurugenzi iliyotakiwa kesho yake saa sita mchana. Bila kukesha ofisini, kijitabu kisingeisha.

Nikaanza kujibu. Jibu la kwanza lilikuwa neno moja, haiwezekani. Nililitazama, nikakumbuka kwamba mwenzangu huyu ndiye aliyenipa lifti mwezi mzima gari langu lilipokuwa gereji. Nikalifuta.

Jibu la pili nililiandika kwa upole. Niliomba radhi kwa kuwa na kazi nyingine, nikaomba radhi kwa usumbufu, nikamshukuru kwa kuniamini. Ofisini nakaa na mama mmoja mtunza kumbukumbu, mtu wa makamo aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na huwa namsomea mambo yangu kabla ya kuyatuma. Alisikiliza huku akifunga faili kwa kamba.

"Hapo umekubali," alisema.

Nikasoma tena. Kweli nilikuwa nimekubali. Kati ya radhi ya pili na shukrani nilikuwa nimeandika "nitajitahidi", na katika ofisi zetu nitajitahidi ni ndiyo iliyovaa koti.

Jibu la tatu lilikuwa refu. Nilieleza kazi ya uhariri ni nini, tofauti ya kupitia na kuhariri, na namna macho yanavyochoka baada ya saa tatu. Yule mama aliniambia mtoto wa watu ameomba msaada, hakuomba mhadhara. Akanishauri nimwambie kitu kimoja, anapata nini na anapata lini, kisha ninyamaze. Kufikia hapo ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Ningekuwa nimeshapitia kurasa nne.

Nililotuma mwishowe lilikuwa hili: "Habari za mchana, kaka. Nimekipokea na nimekifungua. Kesho saa nne asubuhi sitaweza, kwa sababu kina kazi ya saa kumi na nina hotuba ya mkurugenzi hadi saa sita. Kesho saa tisa alasiri nitakupa kurasa za 17 hadi 24, zenye vipimo na maelekezo, maana kosa pale linamuumiza mkulima. Zilizobaki utazipata Ijumaa saa sita mchana. Kama Ijumaa utakuwa umechelewa, niambie nani anakisubiri na lini hasa, tuone cha kupunguza."

Alama mbili zikawa za bluu. Simu ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena, ikaacha. Kutoka kwake hadi kwangu ni hatua ishirini. Nilisikia kiti chake kikisogea, nikakaa sawa, lakini hakuja. Baada ya nusu saa likaja jibu: "Sawa dada."

Anayefanya kazi ofisini anajua kwamba "sawa dada" inaweza kuwa shukrani na inaweza kuwa taarifa kwamba suala linapelekwa juu. Nilimwonyesha yule mama. Alivua miwani, akasoma jibu, akasema hiyo inahitaji kuonana ana kwa ana.

Kabla sijainuka, mwenyewe akabisha hodi. Alimwamkia mama shikamoo, akavuta kiti, akakaa akitazama sakafu. Nikamuuliza kijitabu kinakwenda wapi kwa haraka hivyo. Akasema kuna mkutano wa wakulima Haneti, Alhamisi ya wiki ijayo, na mpiga chapa anataka siku tatu za kazi. Nikahesabu kwa vidole mbele yake. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kumbe faili lilitakiwa kufika kwa mpiga chapa Jumatatu asubuhi.

"Sasa kesho imetoka wapi?" nikamuuliza.

Akaeleza bila kuficha. Mkurugenzi alisema Jumatatu. Mkuu wa kitengo akasema Ijumaa, ili abaki na nafasi. Mratibu wa mkutano akasema Alhamisi, kwa sababu anamjua mkuu wa kitengo. Yeye naye akaniambia Jumatano.

"Kwa nini?"

"Nakujua na wewe, dada. Wahariri mkiambiwa Alhamisi mnaleta Ijumaa."

Yule mama akainamia faili lake, mabega yakimtikisika. Nilitaka kukasirika, lakini ukweli ni kwamba ile Ijumaa saa sita nami nilikuwa nimeinenepesha. Kwa hesabu yangu ningemaliza Alhamisi jioni. Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Tukaandika kwenye karatasi tarehe za kweli, zisizo na akiba ya mtu, kila mmoja akabaki na nakala.

Kesho yake baada ya hotuba nilianza na zile kurasa nane. Ukurasa wa 19 ulieleza namna ya kujua kama mtama umekauka: weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri kidogo, kisha tazama. Kijitabu kilisema chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mtama umekauka na uingizwe ghalani. Nikasita. Mimi si mtaalamu wa mazao, lakini chumvi ya nyumbani kwangu huganda ikipata unyevu. Nikatembea zile hatua ishirini na kumwonyesha. Alisoma mara mbili, akashika kichwa. Maneno "haujakauka na usiingizwe" yalikuwa yamegeuka "umekauka na uingizwe" mahali fulani kati ya rasimu ya tatu na ya nne, na wote waliopitia walikuwa wamepitia tu.

Alhamisi jioni nilimpa kurasa zote. Jumatatu kijitabu kilikwenda kuchapwa, na siku ya mkutano tukasafiri pamoja hadi Haneti. Alieleza kipimo cha chumvi kwa ufasaha, chupa mkononi. Alipomaliza, mama mmoja wa mstari wa mbele akaomba kusema. Kwa Kiswahili cha taratibu alitushukuru, akasema kwao wanachukua punje wanaing'ata. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, inarudi juani. Akauliza kama ni lazima na chumvi.

Mwenzangu alisema si lazima, ila chupa humsaidia asiyezoea kung'ata. Mama huyo mkulima akaridhika, akatazama chupa, akauliza tena kama anaweza kubaki nayo, maana ilikuwa na kifuniko kizuri. Akapewa.