Lengalenga Hainywi Wastani

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya Goma, nami mbele ya skrini nilikuwa naota macho wazi. Mstari wa pH ulipanda taratibu, ukashuka, ukapanda tena, kama kifua cha mutoto aliyelala. Ulikuwa mzuri, jamani. Ningeutazama mpaka mchana.

Kiwanda chetu kinapokea maziwa ya Masisi. Tukiosha mabomba kwa soda na asidi, maji machafu yanaingia tangini. Humo sonde inapima pH, na mashine inaamuru pampu iongeze asidi au soda mpaka ifike saba. Kisha maji yanatoka kwa mfereji, na mama jirani, mujane, anamwagilia mboga zake za lengalenga. Ndizo zinazolisha watoto wake. Za kwanza ziliungua majani yote kwa maji yetu. Alikuwa amepanda upya.

Alinikuta getini. "Mama, nikimwagia leo, zitakufa tena?"

Nikarudi ndani kwa shefu, mukubwa wangu wa kazi, nikamwonyesha mstari, hasira imenipanda.

"Mstari unacheza, ndiyo," shefu aliniambia, "lakini moyenne, wastani wake, ni saba. Acha."

"Papa shefu, lengalenga hainywi moyenne! Inakunywa kile kinachofika."

Nikafunga vali ya kutolea maji. Akapiga kelele: tangi likijaa hatutaosha, na maziwa yataganda. "Yagande!" nikamjibu.

Tulichomoa sonde. Kioo chake kilikuwa na utando wa mafuta ya maziwa, laini, mweupe. Basi ilikuwa inahisi mambo yakiwa yameshapita: asidi imetosha, yenyewe bado inaonyesha soda, pampu inazidi kumimina. Ikija kushtuka, soda nayo inamiminwa kupita kiasi. Tuliitia kwenye maji ya kupimia, yenye pH ya saba kamili. Namba ilitambaa, ikatambaa, ikatulia ikiwa imevuka saba. Kumbe hata ikitulia inadanganya, na saba yetu ilikuwa asidi tayari.

 Shefu akaleta mwenyewe maji ya vuguvugu na sabuni. Tukaiosha bila kusugua, tukailoweka kwenye asidi hafifu, tukaisuuza, tukairekebisha kwa maji ya saba na ya nne. Sasa namba iliruka mara moja na kutulia. Tuliporudisha sonde tangini, mstari uliyumba kidogo, ukanyooka. Karatasi ya kupimia nayo ilikubali. Nikafungua vali.

Ukungu ulikuwa bado chini nilipofika bustanini kwa yule mujane. Miche ilikuwa midogo, myekundu kwa chini, inapendeza hadi inaumiza roho.

"Mayi iko muzuri, mama," nikasema. "Mwagilia."

Aliitazama ndoo yake ya maji mapya, akanitazama mimi. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alinipa kopo mkononi.

"Mwagilia weye."