Riba ya Akaunti Ipi

Baada ya kustaafu nililetewa makadirio ya kodi yenye jumla moja tu. Nikaandika barua kwa ofisi ya kodi, nikiomba nielezwe pensheni yangu, pango la nyumba ya Manundu na riba ya benki vilijumlishwaje. Barua zangu huchapwa na mke wangu, katibu muhtasi mstaafu. Alichapa pensheni, akachapa pango, kisha vidole vikasimama.

"Riba ya akaunti ipi, Baba Watoto?"

Nikajifanya natafuta miwani, nayo ipo puani.

Ofisini Korogwe, binti wa dirishani alinifafanulia kila kiasi. Riba ile benki ilishaikata kodi, hivyo wataiondoa kwenye hesabu.

Nyumbani haijaondoka. Mke wangu anataka maelezo ya maandishi, na amekataa kuyachapa.