Miaka sita ya "Bonjour Mama", na app iliyoniponza

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Haya nayoandika sijayatia chumvi. Ningetia, ningejipendelea, na humu ndani sitoki vizuri hata kidogo.

Mama yangu yuko Goma, anauza maharage sokoni. Mimi nilihamia huku kwa biashara ya jumla. Kwa miaka sita, kila saa kumi na mbili na nusu asubuhi, namtumia meseji.

Mwaka wa kwanza nilikuwa moto! Akisema goti linauma, kesho yake naliulizia. Akinisimulia ugomvi na mteja, nauliza uliishaje.

Baadaye nikaishiwa. Nikawa natuma picha za maua zenye maandishi, zile zinazozunguka kwenye magroup. Naye anajibu "Amen", basi.

Mke wangu, mzaliwa wa hapa, akaniambia, "Weye, ile haiko bonjour, ile iko communiqué, tangazo ya kanisa. Andika kama muntu!"

Nikaona ananisumbua. Nikapakua app ya kupanga meseji zijitume zenyewe kila asubuhi, Jumapili moja nikaandika za mwezi mzima, nikajipongeza. Mjinga kabisa.

Kisha vita vikafika Goma. Network ikakatika. Napiga, hapatikani. Siku nne sina habari zake, na app nimeisahau kabisa.

Siku ya tano network ikarudi, na meseji zangu zikamfikia zote kwa mkupuo. "Soko la leo liwe na baraka." "Chai yako iwe tamu, Mama."

Akapiga akilia kwa hasira. Ikabidi nikiri habari za app.

"Siku ine tunalala chini mu kanisa, maharage baliiba yote, na weye telefone yako njo inanisalimia? Basi hata ukikufa itaendelea kunisalimia. Nitajua namna gani kama uko muzima?"

Akakata.

App nikaifuta. Siku tisa nikaandika mwenyewe, pole ndefu zenye maneno mazuri. Tiki mbili, jibu hakuna. Wakuu, nilikasirika! Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi, na aliyebuni app ile pia.

Siku ya kumi uvumilivu ukaisha. Nikaandika: "Mama, umeme hakuna tangu jana, maji hakuna, nimevaa shati la jana. Nimechoka na kimya chako. Lile blanketi lako la bluu ulilibeba kanisani au nalo waliliiba?"

Dakika mbili tu, akajibu: "Sasa njo weye mwenyewe unaandika. Blanketi niko nayo. Omba maji kwa jirani, uoge."

Nilikaa kitandani nikalia, na shati langu chafu.

Nilichojifunza: weka kitu kimoja cha jana yako, hata kama ni cha kulalamika, na uliza kitu ambacho yeye tu anaweza kukijibu. Meseji inayoweza kwenda kwa mama yeyote, usimtumie wako.

Nyie mnawaandikia nini wa kwenu? Tupeni uzoefu, ila picha za maua msiniletee hapa.

Leo nimechelewa dakika kumi. Amepiga yeye, kuuliza kama niko mzima.