Moto katika Wayo wa Karim

Kabla ya saa nne asubuhi, Karim Muhire alikuwa amekwisha kuvua kiatu cha kulia mara kadhaa. Alikuwa akishona kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Kamembe, Rwanda, mahali alipoketi tangu alipokuwa kijana, na kila alipokanyaga pedali ya cherehani kwa muda mfupi, wayo ulianza kuwaka. Aliuweka kwenye sakafu ya saruji iliyo baridi. Ulipopoa kidogo akaurudisha kwenye pedali. Mshono ukaenda upande, akaufumua, akainuka, akatembea hadi ukingo wa barabara, akarudi, akaketi.

Uwamwezi, mkewe, aliyekuwa akikata vitambaa kando yake, aliacha mkasi.

"Karim, kaa basi. Hata mimi umenichosha."

"Nikikaa unawaka. Nikisimama unawaka. Unataka niwe wapi?"

Hilo ndilo lililowasumbua wote wawili. Fundi mwenzao wa barabara ya Nzahaha, aitwaye Mbarushimana, alikuwa ameitamani cherehani ile kwa muda mrefu. Ilikuwa nzito, ya chuma, na ilishona hata turubai. Karim alikuwa amempa neno lake: kama hospitali haitamsaidia Alhamisi, Mbarushimana aje kuinunua na kuichukua Jumamosi. Fundi wa cherehani ya miguu asiye na mguu wa kukanyagia hana kazi, na pale barazani hapakuwa na umeme wa kuendeshea mota. Karim hakujua kazi nyingine. Alikuwa akiwaambia watu kwamba atapumzika, lakini aliyasema hayo huku akiutikisatikisa mguu chini ya meza.

Jina la ugonjwa walikuwa nalo tayari. Miezi kadhaa nyuma, ganzi ilipoanza, Karim alivuka daraja la mpakani kwenda Bukavu, Kongo, kupigwa picha ya eksirei. Picha ilionyesha kijimfupa kilichochongoka chini ya kisigino, kama mwiba. Aliporudi nayo akamwonyesha jirani yake wa barazani, Maman Feza, mfanyabiashara wa Bukavu aliyeleta vitenge kila juma. Maman Feza hakushangaa hata kidogo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na mwiba kama huo.

"Ni yenyewe, Papa Karim," alisema. "Miye iliniuma mwaka muzima. Funga mguu nguvu na lastiki. Mufupa itatulia."

Na kweli yeye alikuwa amepata nafuu kwa kufunga. Alipoinuka kwenye kigoda chake alichechemea hatua chache za kwanza, akilaani kwa Kifaransa, kisha akatembea vizuri kama kwamba hakuna kitu. Karim alimwona hivyo kila alipokuja na hakujiuliza kwa nini mguu wake mwenyewe ulifanya kinyume. Kwenye kabati lake hakukukosekana lastiki, ile pana ya viuno vya sketi za wanafunzi. Alikata kipande, akakishona kwa mishono miwili, akapata mkanda uliobana kifundo chake barabara. Wala haukumsaidia kwa maumivu tu, ndivyo alivyoamini. Mguu ukifungwa vile ulikaa imara juu ya pedali na haukuteleza. Tangu hapo hakuketi kazini bila mkanda ule.

Moto ukazidi. Karim akaamini kwamba mfupa unakua, akakaza zaidi.

Alhamisi asubuhi aliswali alfajiri msikitini, akaenda na kurudi kwa miguu bila shida yoyote, jambo ambalo lilimkasirisha. Ilikuwa kama mguu unamfanyia mzaha: siku ya kwenda kulalamika, umenyamaza. Uwamwezi alimwambia asithubutu kutumia sababu hiyo kubaki nyumbani. Kwa hiyo alioga, akasugua miguu kwa jiwe, akavaa soksi mpya, na ule mkanda wa lastiki, uliokuwa umefifia na kunuka jasho, akautia mfukoni. Mtu haendi kwa daktari na miguu iliyofungwa vitambaa vichafu. Alikuwa amefanya hivyohivyo kwenye kituo cha afya walikompa vidonge vya maumivu. Kwa njia hiyo, hakuna mganga hata mmoja aliyewahi kuuona.

Hospitalini, Uwamwezi akimngoja nje, walimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini aliyeitwa Gaju. Karim alimkabidhi picha kabla ya salamu kwisha. Gaju aliitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka kando. Karim hakupenda. Aliona kama ameletewa mtu asiyejua kusoma picha.

"Mfupa upo, Mzee Karim," Gaju alisema. "Sasa niambie kuhusu mguu wenyewe. Ukiamka na kukanyaga chini, hatua ya kwanza inauma?"

"Hapana. Asubuhi ninatembea kama kijana. Huanza nikiwa kazini. Jioni ndiyo balaa."

"Unauma au unawaka?"

Karim alifikiri. Hakuna aliyewahi kumtaka achague. Alisema kwamba unawaka, kisha sisimizi wanatembea, kisha vidole vinakufa ganzi. Akaongeza, kwa aibu kidogo, kwamba akitawadha maji huyahisi vizuri kwenye wayo wa kushoto, lakini kwenye ule wa kulia, karibu na kidole gumba, huyahisi kama yamepitia juu ya soksi.

Gaju alimlaza kitandani. Alibonyeza chini ya kisigino kwa kidole gumba, palepale penye mwiba wa pichani, akabonyeza kwa nguvu. Karim alitazama dari akingoja maumivu. Hayakuja. Akamwambia abonyeze tena, huenda amekosea mahali. Gaju akabonyeza tena, akamweleza kwamba mtu anayeumwa na kisigino, kama yule jirani yake aliyemtaja, angeruka kitandani kwa mbonyezo ule. Maumivu ya namna hiyo hutoka kwenye utando mnene unaoshika wayo pale kisiginoni. Huwa makali mtu akiinuka baada ya kulala au kukaa, kisha hulegea akitembea kidogo. Hayaleti ganzi wala sisimizi vidoleni.

Kisha akashika mguu, akapapasa upande wa ndani, nyuma kidogo ya fundo la mfupa wa kifundo, akagonga hapo taratibu kwa ncha ya kidole.

Karim aliurusha mguu. Kitu kama umeme kilipita chini ya wayo hadi kwenye kidole gumba.

"Umenichoma na nini?"

"Kidole tu." Gaju alimwonyesha mkono mtupu. "Hapa nyuma kuna njia nyembamba. Kano zinapita humo, mishipa ya damu inapita, na mshipa wa fahamu wa wayo pia. Juu yake kuna utepe mgumu uliofunika. Njia ikibanwa, mshipa wa fahamu unaumia hapa, lakini wewe unausikia kule unakoishia."

Alimpima sukari kwa tone la damu, kwa sababu kisukari nacho huwasha nyayo, ingawa mara nyingi huanza miguu yote miwili pamoja. Sukari ilikuwa sawa. Alimsimamisha, akamtazama kwa nyuma, akaona kwamba upinde wa wayo wa kulia umelala na kisigino kimeinamia nje, hali inayoivuta ile njia na kuifinya. Lakini uso wake haukuonyesha kuridhika. Alisema upinde umelala kidogo tu, na mgonjwa anaeleza moto mkubwa. Akavuta kiti, akamwomba aketi na kukanyaga kama anavyokanyaga pedali.

Karim aliketi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya kazi kwa utaratibu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa mkanda wake wa lastiki, akauvaa. Ulikaa sawasawa nyuma ya lile fundo. Akaanza kukanyaga hewa.

Gaju aliutazama mkanda. Alimwacha aendelee. Baada ya muda Karim akaanza kujipindapinda kitini, halafu akasimama.

"Umeanza," alisema. "Unaona? Ndio huu."

"Naona. Huo mkanda unauvaa saa ngapi?"

"Kazini. Siku nzima."

"Na ukiamka huna."

Karim aliketi tena. Alitazama mguu, akatazama picha kwenye kona ya meza, na akauvua mkanda haraka kama mtu aliyekuta mdudu kwenye nguo. Akauliza kama basi amepona. Gaju akakataa kumpa neno hilo. Alisema mshipa wa fahamu uliobanwa kwa miezi hautulii kwa siku moja. Asiuvae tena mkanda ule; atamtengenezea soli laini ya kuinua upinde, atamfundisha mazoezi, naye apumzike kila baada ya mshono mrefu, mguu ukiwa juu. Kama baada ya majuma kadhaa ganzi haitapungua, au ikizidi, atampeleka Kigali wakapime mshipa wenyewe. Wapo wanaohitaji kupasuliwa ili njia ifunguliwe, lakini hafikirii kuanzia huko.

"Na ule mwiba? Hamuutoi?"

"Utabaki. Watu wengi wanao na hawajui kwamba wanao. Haujakufanya lolote."

Njiani kurudi Karim hakutulia. Alikuwa ameuchukia mwiba ule kwa muda mrefu, na sasa aliambiwa aishi nao. Akamwambia Uwamwezi kwamba yule mwanamke huenda amekosea. Baadaye kidogo akasema huenda hakukosea. Walipofika barazani, Maman Feza alitaka kujua habari, na aliposikia lastiki imekatazwa alikunja uso.

"Miye iliniponesha."

"Ilikuponya wewe, Maman. Wako ni kisigino. Mimi nina kitu kingine." Akagonga nyuma ya kifundo ili amwonyeshe, umeme ukapita, akaruka tena. Maman Feza akacheka hadi akashika ukuta.

Ijumaa alijaribu kushona bila mkanda. Mguu uliteleza kwenye pedali, akakanyaga hewa, uzi ukakatika. Alitukana, akainuka, akaketi. Mwishowe Uwamwezi alileta kandambili kuukuu, akakata mpira wake, wakaufunga juu ya pedali kwa waya. Mguu haukuteleza tena. Moto ulikuja mchana, ukakaa, ukaondoka alipouinua mguu juu ya kigoda. Ulirudi jioni. Hakuweza kusema kama ulikuwa mdogo kuliko jana au alitaka tu uwe hivyo.

Jumamosi Mbarushimana alifika na toroli na mtu wa kumsaidia kubeba. Alikuta Karim ameegemea ukuta, mguu juu, na suruali mbili za mteja zimekwisha kando yake.

"Mzee, tulikubaliana," alisema. "Nimekodi hata toroli."

Karim alimwomba msamaha kwa neno alilovunja. Akasema ukweli: hajui kama mguu utapona, na huenda baada ya majuma machache atamwita mwenyewe. Lakini leo hawezi kuitoa cherehani kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuwa nao.

Mbarushimana alisimama akiitazama mashine. Alikuwa amekasirika na hakuficha. Akauliza atarudije Nzahaha na toroli tupu, watu wote walimwona akiondoka nalo. Maman Feza akamwambia apakie marobota yake ya vitenge ayafikishe kwa mteja wake wa njia hiyo, nauli ya toroli ataitoa yeye. Mbarushimana alisita, kisha akaanza kupakia, akinung'unika.

Karim alishusha mguu, akautazama kidogo, akauweka kwenye pedali. Suruali ya tatu ilihitajika kabla ya adhuhuri.